Mahakama imepiga marufuku hijabu? Soma neno kwa neno kabla hujafowadi



Muhula uliopita binti mmoja wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mtandio. Si mara ya kwanza kusikia hivyo, mnajua. Mamake alitupigia simu jioni, tukakubaliana kesho yake asubuhi twende naye shuleni watu watatu tu, kwa adabu, tuzungumze na mwalimu mkuu kabla jambo halijawa kubwa. Tulikuwa tumejipanga. Kifungu cha 32 cha Katiba tulikuwa tumekipigia mstari, pale kinaposema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, hata chai tukapewa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua simu yake mezani, akavaa miwani, akatusomea ujumbe.

“HABARI MOTO!!! Leo Mahakama ya Juu IMEPIGA MARUFUKU hijabu katika shule ZOTE Kenya kuanzia Jumatatu. Wakili mmoja mkubwa amethibitisha. Vyombo vya habari vimenyamaza. Muislamu wa kweli hawezi kukaa na ujumbe huu. Tuma kwa grupu zote kabla haujafutwa.”

“Hii nimetumiwa na mzazi Muislamu,” akasema. “Nyinyi wenyewe ndio mnasema mahakama imekataza. Sasa mnataka mimi nifanye nini?”

Tulitazamana. Ujumbe ule ulikuwa umepita kwenye grupu yetu usiku uliotangulia, na katika sisi watatu tuliokaa pale, wawili tulikuwa tumeufowadi. Mimi ni mmoja wao. Tena niliongeza “Subhanallah” na vikatuni vya kulia. Aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayotutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, nimeisoma madrasa tangu mdogo, lakini siku hiyo kidole kilitangulia.

Kwa hiyo leo sitawaambia “msisambaze uongo”, maana hakuna aliyedhani anasambaza uongo. Nataka tuuchukue ujumbe ule ule tuusome polepole, neno kwa neno, kwa sababu dalili zote zilikuwa mle ndani. Hakukuhitajika mtaalamu wa kompyuta.

Tuanze na kitenzi, kwa sababu hapo ndipo uongo mkubwa ulipokaa. “Imepiga marufuku.” Kila anayesoma anaelewa mahakama imekaa, imeitazama hijabu, imesema haivaliwi. Sasa, je, kuna kesi ya hijabu iliyofika Mahakama ya Juu? Ndiyo, iko. Ndiyo sababu ujumbe ule ulikuwa mgumu kuukamata: una punje ya ukweli ndani yake. Ni kesi ya Kanisa la Methodisti dhidi ya Mohamed Fugicha, na ilianzia katika shule moja ya sekondari ya kutwa Isiolo ambayo kanisa hilo ndilo mfadhili wake. Wasichana Waislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, maafisa wa elimu wakakubali, kanisa likaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikageuza, ikawapa haki wanafunzi. Kanisa likapanda Mahakama ya Juu, na hukumu ikasomwa tarehe 24 Januari 2019.

Hapo sikilizeni kwa makini. Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji na mmoja akipinga, iliitengua hukumu ya Mahakama ya Rufani. Lakini sababu yake haikuwa kwamba hijabu ni kosa. Sababu ilikuwa njia iliyotumika kulileta dai. Bwana Fugicha, ambaye ni mzazi, aliliweka dai lake ndani ya majibu yake kwa kesi ya kanisa, na majaji wakasema dai halikuletwa kwa utaratibu unaofaa, kwa hiyo Mahakama ya Rufani haikupaswa kuliamua. Wakasema pia kwamba suala lenyewe ni zito na mtu anaweza kulifungua upya Mahakama Kuu kwa njia sahihi.

Sasa linganisha vitenzi viwili: “imepiga marufuku” na “imetengua hukumu kwa sababu ya utaratibu.” Cha kwanza kinasema mlango umefungwa kwa kufuli. Cha pili kinasema umegonga mlango usio wako, zunguka upite kule. Kwa mama aliyekaa ofisini na binti yake amevuliwa nafasi ya darasa, tofauti hiyo si ya wanasarufi. Ndiyo kesi yake yote. Na sisi tulikuwa tumeibadilisha kwa mikono yetu, tukaipeleka mpaka kwenye simu ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo ukiona habari ya mahakama, polisi, wizara au tume, chungulia kwanza kitenzi. Mahakama kusikiliza kesi si kuamua. Kusimamisha jambo kwa muda mpaka kesi isikilizwe si kulifuta. Mbunge kupendekeza mswada si sheria kupita. Polisi kumhoji mtu si kumshtaki, na kumshtaki si kumpata na hatia. Wanaotunga fowadi hurukia kitenzi cha mwisho kabisa, kwa sababu ndicho kinachouma.

Neno la pili la kulishuku ni “zote”. Kesi ile ilitoka shule moja. Hukumu ya Mahakama ya Juu ina uzito kwa mahakama zote za chini, hilo kweli, lakini hakuna mahali majaji walipoamuru shule zote nchini ziwavue wasichana mitandio. “Zote”, “wote”, “kamwe”, “kila Muislamu”: maneno haya ni mepesi kuandika na ni mazito kuthibitisha. Ukiyakuta, jiulize mwandishi amejuaje kuhusu zote. Mara nyingi utakuta anajua kuhusu moja.

Halafu “leo” na “kuanzia Jumatatu”. Leo gani? Jumatatu ipi? Hukumu ya 2019 inaitwa “leo” kila mara shule zinapokaribia kufunguliwa, kwa sababu fowadi haina tarehe, na anayeipokea huijazia tarehe ya siku aliyoisoma. Mtakumbuka Machi 2020, wakati korona imeingia, ujumbe ulisema usiku wa leo mtu asitoke nje, helikopta za jeshi zitapita zikinyunyiza dawa angani. Ujumbe ule ulizunguka nchi nyingi kwa maneno karibu yale yale, kila pahali ukiambiwa ni jeshi la hapo, na kila pahali ni “usiku wa leo”. Wiki ikapita bado ni usiku wa leo. Taarifa isiyo na tarehe haizeeki, na ndiyo maana watungaji wanaipenda.

“Wakili mmoja mkubwa amethibitisha.” Mkubwa wa nini, wa kimo? Hana jina, hana ofisi, hawezi kuulizwa. Tofautisha na habari ya kesi ya kweli: itakuwa na jina la kesi, jina la mahakama na tarehe, kwa sababu bila hivyo hata mawakili wenyewe hawaelewani. Mtu aliyeisoma hukumu hawezi kuieleza bila kutaja mojawapo ya hivyo vitatu. Na sentensi inayofuata, “vyombo vya habari vimenyamaza”, ina kazi maalumu: inakukinga usitafute. Ukienda kwenye magazeti usikute kitu, badala ya kusema “basi si kweli”, utasema “si nimeambiwa wamenyamaza?” Yaani kukosekana kwa ushahidi kumegeuzwa kuwa ushahidi. Hukumu ile ya 2019 iliripotiwa na vyombo vya habari nchini siku hiyo hiyo, wala haikufichwa.

Mwisho ndio mtego wenyewe: “Muislamu wa kweli hawezi kukaa na ujumbe huu. Tuma kabla haujafutwa.” Hapa hakuna habari tena, kuna amri. Na amri imefungwa kwenye imani yako, ili ukisita uone aibu. Nilipoufowadi usiku ule, wallahi, sikuwa nafikiria mahakama. Nilikuwa nafikiria nitaonekanaje kama mimi wa harakati ndio wa mwisho kuutuma.

Ngojeni kidogo lakini, maana hapa vijana wengi huvuka mpaka wa upande wa pili. Dalili za maneno si hukumu. Shangazi yangu huandika herufi kubwa tupu kwa sababu hajui kuzitoa, na habari zake huwa za kweli kuliko za wengi wetu. Tangazo la janaza husema “tumeni kwa wote”, tangazo la mtoto aliyepotea husema “haraka”, na ni haki yao. Angalia kilicho ndani: tangazo la janaza lina jina la marehemu, msikiti, swala gani, na kaka wa marehemu anayeweza kupigiwa. Unaweza kulihakikisha kwa dakika mbili. Ujumbe wetu wa hijabu ulikuwa na kelele yote ile bila kitu hata kimoja cha kushika. Na kinyume chake pia kipo, uongo ulioandikwa kwa utulivu, kwa nembo ya wizara na sahihi chini, bila alama hata moja ya mshangao. Huo maneno peke yake hayatakuonyesha. Kazi ya dalili ni kukuambia usimame wapi na ukague nini.

Na kukagua kwenyewe, kwa kesi hii, kulinichukua chini ya robo saa, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya geti la shule. Kwanza niliangalia juu ya ujumbe kwenye WhatsApp. Kulikuwa na mishale miwili na maneno `Forwarded many times`. Hiyo haimaanishi ni uongo. Inamaanisha ujumbe umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kunifikia, kwa hiyo aliyenitumia si aliyeandika, na kumuuliza “umetoa wapi?” kutanipeleka kwa fowadi nyingine tu. Nikaacha kumtafuta mtu, nikatafuta kitu.

Nikaivunja sentensi vipande, kila dai peke yake: kwamba kuna hukumu, kwamba ni ya Mahakama ya Juu, kwamba ni ya leo, kwamba inakataza, kwamba ni shule zote. Ukivunja hivyo unaona mara moja kuwa madai mawili ya kwanza yanaweza kuwa kweli na matatu ya mwisho yakawa uongo. Ndiyo maana jibu la “kweli au uongo?” kwa ujumbe mzima mara nyingi halitoshi.

Hukumu za Kenya ziko wazi kwenye tovuti ya kenyalaw.org, bila malipo. Nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
Methodist Church Fugicha 2019
```

Ikaja. Ni ndefu, na iko kwa Kiingereza cha mahakama. Msiogope, hata mimi sikuisoma yote pale nje. Teremka mpaka mahali penye amri za mahakama, na usome kitenzi kilichotumika huko. Utakuta hukumu ya Mahakama ya Rufani imetenguliwa. Sikuona neno la marufuku kwenye amri zile. Kisha panda juu kidogo usome sababu. Na angalia tarehe iliyoandikwa kichwani. Hapo madai yote matano yalikuwa yameshapata jibu.

Sasa kujibu. Hapa pia tulikosea. Wakati mimi niko kwenye benchi, ndugu mmoja kwenye grupu alikuwa ameshajibu kwa hasira: “UONGO MTUPU! Mahakama ilisharuhusu hijabu shule zote, sheria iko wazi!” Watu wakamshangilia. Lakini soma jibu lake kwa macho yale yale. Kitenzi: “iliruhusu”. Neno “zote”. Hakuna tarehe. Alikuwa anakumbuka hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2016, ile iliyotenguliwa 2019. Yaani alipinga uongo kwa habari iliyokwisha muda wake, na kama tungeingia nayo tena kwa mwalimu mkuu tungeaibika mara ya pili siku moja. Habari inayokufurahisha inahitaji kukaguliwa sawa na inayokukasirisha. Mimi nasema ikaguliwe zaidi, kwa sababu ya kukasirisha angalau wapinzani wako watakusaidia kuikagua.

Nilipoandika jibu langu sikuanza na maneno ya ule ujumbe. Ukianza na “Si kweli kwamba mahakama imepiga marufuku hijabu”, mwenye haraka ataondoka na “mahakama imepiga marufuku hijabu”. Skrinshoti ya uongo wenyewe ni mbaya zaidi, kwa sababu itakatwa na kutumwa upya bila maelezo yako. Niliandika hivi: “Kesi ya hijabu ya Isiolo iliamuliwa tarehe 24 Januari 2019. Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya 2016 kwa sababu ya namna dai lilivyoletwa. Haikuamua kama hijabu inafaa au haifai shuleni, na ilisema dai linaweza kufunguliwa upya. Ujumbe niliotuma jana usiku haukuwa sahihi, nimeufuta, naomba mlioutoa kwangu muufute pia.” Mistari minne, pamoja na kiungo cha hukumu. Sentensi ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote.

Kwa mzee aliyeuweka kwenye grupu mwanzo sikumjibu mbele za watu. Nilimpigia. “Assalaam aleikum, Mzee wangu, ule ujumbe wa jana nimeufuatilia kidogo, naomba nikuambie nilichokuta.” Alinyamaza, akauliza tarehe ya hukumu mara mbili, kisha akasema atautoa. Akautoa. Ningemrushia neno pale pale mbele ya wajukuu zake, angeutetea mpaka leo.

Tulirudi ofisini kwa mwalimu mkuu siku ya pili na ukurasa wa amri za hukumu tumeuchapisha kwa shilingi kumi. Aliusoma mwenyewe. Hakutuambia tumeshinda, na hatukuwa tumeshinda. Alisema ataipeleka kwa bodi ya shule, na mpaka bodi ikae, binti arudi darasani na mtandio wake. Alhamisi akarudi. Siku nne za masomo zilikuwa zimepotea, na moja katika hizo ni yetu.

Wiki ya kwanza ya muhula huu ujumbe umerudi. Bado ni “leo”, bado ni “kuanzia Jumatatu”, mishale miwili juu. Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja wa kidato cha nne alikuwa ameshaandika chini yake: “Kesi gani? Ya tarehe gani?” Mpaka naandika haya, aliyeutuma hajajibu.